“Tumepokea,” “Tutaona”: Kusoma Jibu Fupi na Kujua Lini Uulize Tena

Tarehe 24 Novemba fundi seremala wa Keko, Dar es Salaam, anamtumia meneja wa shule moja binafsi makadirio ya madawati 40. Bei ya dawati moja ni shilingi 95,000, jumla shilingi 3,800,000, na anaomba asilimia 60 itangulie ili anunue mbao na vyuma. Ameambatanisha picha tatu za kazi zake. Mwisho ameandika, “Naomba mrejesho wako mkuu.” Baada ya saa mbili anajibiwa: “Tumepokea fundi.” Siku tano zinapita. Anauliza kama kuna lolote, na jibu linarudi na neno moja: “Tutaona.”

Mfano huu nimeutunga, lakini yeyote anayeishi kwa kutafuta kazi kwa watu ameshapokea majibu ya namna hiyo. Akishayapokea huanza kubahatisha. Je, bei imewashtua? Wamempa mwingine? Au meneja yuko kikaoni, ameandika upesi ili asionekane amepuuza? Neno moja linabeba uwezekano wote huo, na fundi akikosea kulisoma hupoteza kazi kwa njia moja kati ya mbili: ama ananyamaza hadi dirisha linafungwa, ama anasumbua hadi mteja anamchoka.

Pa kuanzia ni ujumbe wa fundi mwenyewe. “Naomba mrejesho” haijauliza jambo lolote linalojibika. Haijauliza kama bei inafaa, wala nani anaamua, wala lini. Kwa hiyo “tumepokea” ni jibu kamili na la kweli: kitu kimetumwa, kimefika. Majibu mengi mafupi yanayotuumiza yamezaliwa na maswali yetu mapana. Mtu akiulizwa kitu kisicho na umbo, naye hutoa jibu lisilo na umbo, hata kama hana nia mbaya.

Baada ya hapo tazama kitenzi. Kiswahili kina fadhila kubwa hapa, kwa sababu mtendaji amefungwa ndani ya kitenzi chenyewe na mwandishi hawezi kumwacha nje bila kuonekana. “Nimepokea, nitaangalia” ni maneno ya mtu mmoja aliyejitwika jambo. Unaweza kumrudia yeye. “Tumepokea, tutaangalia” mara nyingi inakuambia kwamba uamuzi hauko mikononi mwake peke yake. Nyuma yake yuko mmiliki wa shule, au bodi, au mhasibu mwenye funguo za fedha. Kumbana mtu huyo hakusaidii, maana anachosubiri wewe anakisubiri pia. Swali la maana kwake ni lini hao wengine wanakutana. Kisha kuna “itafanyiwa kazi” na “utajulishwa,” ambapo mtendaji ametoweka kabisa. Lugha hiyo ya ofisini haina maana kwamba jambo limekataliwa, ila kwa sasa halina mwenyewe. Ukiipata, kazi yako ya kwanza ni kutafuta, kwa upole, jina la dawati ambako karatasi yako imelala.

Kitu cha pili cha kutazama ni wakati. “Tutaangalia wiki ijayo” na “tutaona” ni majibu ya mbali sana. La kwanza lina mahali pa kushika. La pili limeachiwa hali itakavyokuwa, na katika mazungumzo yetu mengi ndiyo njia ya kistaarabu ya mtu kutosema hapana. Watu wengi wa Afrika Mashariki wamelelewa kuona kukataa waziwazi kuwa ni kumvunjia mwenzio heshima, hasa akiwa ameomba kwa adabu. Hata hivyo sikubaliani na wale wanaosema kwamba “tutaona” daima ni hapana. Meneja ambaye bajeti yake haijapitishwa hana neno jingine la kweli la kusema.

Hali ni hiyo hiyo kwa “inshallah,” ambayo wengine huifanyia haraka kuihesabu kuwa kukwepa. Mtu anayesema “Inshallah Alhamisi baada ya adhuhuri” ameweka ahadi na kumtaja Mungu juu yake kwa dhati. Anayeandika “inshallah” pekee, bila siku, bila jambo, huenda anakuaga kwa wema. Tofauti imo katika kile kilichofuatana na neno, kwa hiyo usiliamue neno lenyewe.

Kinachopotosha zaidi kuliko maneno ni yale tunayoyasoma pembeni mwa maneno. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Binghamton, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio dogo kuhusu nukta. Waliwaonyesha wanafunzi majibu ya neno moja ya ujumbe wa simu, mengine yakiwa na nukta mwishoni na mengine hayana. Yenye nukta yalionekana hayatoki moyoni. Majibu yale yale yalipoandikwa kwa mkono kwenye karatasi, tofauti hiyo haikuonekana. Wasomaji walikuwa Wamarekani wanaosoma Kiingereza, kwa hiyo sidai kwamba “Sawa.” ya mwalimu wako wa zamani hupimwa kwa mizani hiyo hiyo. Lakini inaonyesha jinsi tunavyojaza hisia mahali ambapo pengine palikuwa na mazoea tu. Mtu mzima aliyezoea kuandika barua huweka nukta kwa sababu sentensi imekwisha.

Tiki za bluu za WhatsApp nazo zinaaminiwa kupita kiasi. Tiki moja ya kijivu ni kwamba ujumbe umetoka kwako, mbili za kijivu umefika kwenye simu yake, mbili za bluu mazungumzo yamefunguliwa. Kufunguliwa si kusomwa kwa utulivu. Huenda simu ilikuwa mkononi mwa mtoto. Tena mtu anaweza kuzima alama hizo kwenye mipangilio, akasoma kila kitu na tiki zikabaki kijivu. Kumwandikia mtu “naona umesoma” ni kumwambia unamchungulia, na mara nyingi husababisha kimya kirefu zaidi.

Ushahidi wenye uzito ni mazoea ya mtu mwenyewe. Pandisha mazungumzo yenu ya nyuma. Kama meneja huyu ndivyo alivyo, “sawa,” “poa,” “tumepokea,” na kazi zilizopita zilitoka na malipo yakaja, basi ufupi wake hauna habari mpya. Ila kama zamani alikuwa anasalimia, anauliza watoto, kisha anaeleza, na leo ameandika neno moja, hapo pana kitu kimebadilika. Ni mabadiliko hayo ndiyo ya kuyasoma.

Sasa turudi Keko. Fundi akae na kalenda kabla hajaandika chochote. Anataka madawati yafike shuleni tarehe 5 Januari, kabla wanafunzi hawajarudi. Karakana yake inahitaji siku 21 za kazi, na siku kama tano za Krismasi na mwaka mpya vijana watakuwa makwao. Akihesabu kurudi nyuma anapata tarehe 10 Desemba: siku hiyo shilingi 2,280,000 za kutangulia ziwe zimeingia, la sivyo hawezi kuahidi. Hesabu hiyo ndiyo inayompa ruhusa ya kuuliza tena. Ukiuliza kwa sababu roho haijatulia, unasikika hivyo. Ukiuliza kwa sababu tarehe fulani inakaribia, unamletea mwenzio habari anayoihitaji.

Tarehe 2 Desemba anaandika hivi: “Habari za kazi mkuu. Ili madawati 40 yafike kabla shule hazijafunguliwa, natakiwa kuanza tarehe 10. Je, suala hili linaingia kwenye kikao kabla ya siku hiyo, au limesogezwa mbele? Hata likisogezwa hakuna tatizo, nijue tu nipange kazi nyingine.”

Hapo kuna swali moja, na linajibika kwa maneno mawili. Kuna jambo jipya ambalo meneja hakuwa nalo, tarehe 10, na anaweza kulipeleka kikaoni kama sababu yake mwenyewe ya kuharakisha. Tena kuna mlango wa kutokea. Sentensi ya mwisho ndiyo inayofanya kazi kubwa kuliko zote, kwa sababu inaondoa aibu ya kukataa. Ajabu ni kwamba mtu akishapewa nafasi ya kusema hapana bila kuumiza, husema ukweli upesi, na ukweli ukiwa ndiyo nao huja upesi.

Meneja anajibu: “Kikao tarehe 4.” Fundi aandike “Asante mkuu, nitakuulizia tarehe 6,” kisha anyamaze kabisa hadi tarehe 6. Kimya hicho ni sehemu ya makubaliano. Akituma “vipi mkuu?” tarehe 5, amevunja ahadi yake mwenyewe na kujionyesha kuwa mtu wa kusukuma.

Tuseme tarehe 6 anauliza na hapati kitu. Kurudia ujumbe ule ule, au kutuma alama tatu za kuuliza, hakumwongezei mtu sababu ya kujibu. Abadili njia: apige simu mara moja, katikati ya asubuhi, au apite shuleni akiwa na safari ya upande huo. Watu wengi wanaoandika neno moja hueleza vizuri wakisikia sauti. Asichofanya ni kumrukia meneja na kwenda kwa mmiliki, isipokuwa meneja mwenyewe amemwelekeza huko. Hata akiipata kazi kwa njia hiyo, atakayepokea madawati na kupitisha malipo ya mwisho ni yule yule aliyerukwa.

Tarehe 9 ikifika bado kimya, anafunga mwenyewe: “Mkuu, kwa kuwa muda umekwenda, mbao nazipeleka kwenye kazi nyingine. Mkihitaji madawati baadaye niambie, nitatoa makadirio mapya kwa bei ya wakati huo. Nashukuru kwa nafasi.” Aandike hivyo iwapo kweli atafanya hivyo. Maneno haya yakitumika kama kitisho, kisha fundi akarudi tarehe 12 kuuliza, hayana thamani tena.

Upole huu una mpaka wake, na mpaka wenyewe ni deni. Kazi ikishapokelewa na kusainiwa, “tutaona” haina tena heshima ya kukataa kwa adabu, kwa sababu hakuna tena cha kukataa. Fundi haombi, anadai. Hapo swali linataja namba ya ankara, kiasi kilichobaki, tarehe madawati yalipopokelewa na jina la aliyesaini, na linauliza siku ya malipo. “Itafanyiwa kazi” ikirudi, anauliza nani anaifanyia kazi na lini. Ikirudi mara ya pili, anaandika barua ya madai, anaipeleka kwa mkono, na nakala yake inagongwa muhuri wa kupokelewa kabla hajatoka getini.