"Mambo" peke yake haijibiwi

Mazinde ipo bondeni, chini ya Milima ya Usambara, pembeni mwa barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Arusha. Huko salamu haina haraka: ya nyumbani, ya kazi, ya watoto, na kila moja ina jibu lake. Kwenye simu mambo ni tofauti. Anayefungua programu ya kubadilishana lugha kama HelloTalk au Tandem na kumwandikia mgeni "Mambo" tu, mara nyingi husubiri mpaka anachoka.

Mgeni huyo si lazima awe na dharau. Hamjui anayemsalimu, na salamu haimwambii aendelee na nini.

Kazi huanza kabla ya kuandika. Kanuni ya programu hizi ni nipe nikupe, na wasomi wa Chuo Kikuu cha Bochum, Ujerumani, waliisisitiza miaka ya 1990 walipokuwa wakiwaunganisha wanafunzi kwa barua pepe: kila upande ufaidike. Kijana wa Mazinde anayewaandikia Waingereza wanaojifunza Kihispania hana cha kuwapa. Amtafute aliyeandika kwenye wasifu wake kuwa anajifunza Kiswahili, na aliyeonekana mtandaoni siku za karibuni.

Tuchukue mfano wa kijana anayejifunza Kijerumani. Amekuta wasifu wa mwanamke wa Berlin anayejifunza Kiswahili kwa sababu atapanda milima ya Lushoto. Anaandika:

"Habari. Nimesoma kwamba unakuja Lushoto. Mimi ninaishi Mazinde, karibu na Mombo, pale barabara ya Lushoto inapoanza kupanda. Je, utatokea Dar es Salaam au Arusha? Mimi ninajifunza Kijerumani. Ukipenda, nitakusahihishia Kiswahili, nawe unisahihishie."

Sentensi ni fupi, kwa kuwa msomaji bado ni mwanafunzi. Sentensi ya pili inaonyesha wasifu umesomwa, kwa hiyo ujumbe huu hauwezi kunakiliwa na kutumwa kwa watu ishirini. Swali ni moja, na hata mwenye Kiswahili kidogo analijibu kwa neno moja: Dar, au Arusha. Ombi limekuja mwisho, likiwa limeambatana na anachotoa.

Kinachoharibu nacho kinajulikana. Kusifia picha, kuomba namba ya WhatsApp siku ya kwanza au kugusia shida ya pesa humfanya mgeni ashuku utapeli au uchumba. Saa nazo zina nafasi yake: Ujerumani iko nyuma ya Tanzania kwa saa mbili majira ya baridi na saa moja majira ya joto, hivyo ujumbe wa alfajiri ya Mazinde humkuta mwenzake bado amelala.

Hata ujumbe mzuri unaweza kukosa jibu. Wengine walishaiacha programu. Wiki ikipita, ni afadhali kumwandikia mwingine kuliko kumkumbusha yule yule kila siku. Jibu likija, "Dar" kwa mfano, hatua inayofuata ni kumweleza basi la kupanda mpaka Mombo, kisha kumwomba aeleze safari kama hiyo ya kwao, kwa Kijerumani chepesi.