Wanga wa siku tatu kabla ya marathoni

Mbio za Kilimanjaro pale Moshi hukimbiwa Jumapili. Jumatatu hadi Jumatano mkimbiaji ale kama kawaida, kwa kuwa mazoezi yamepungua na misuli inaanza yenyewe kutunza akiba ya wanga. Kazi yenyewe huanza Alhamisi.

Kuanzia hapo lenga gramu 8 hivi za wanga kwa kila kilo ya mwili. Mwenye kilo 60 anahitaji gramu 480 kwa siku. Robo kilo ya mchele, ikipimwa kabla ya kupikwa, humpa kama 200. Robo ya unga wa sembe humpa karibu 190. Zilizobaki atazipata kwenye ndizi mbivu mbili, na uji au chai yenye vijiko vichache vya sukari. Ni chakula kingi, kwa hiyo akigawe mara tano au sita.

Wengi hukosea kwa kukimbilia chipsi na chapati za mafuta mengi: mafuta hushibisha mapema, wanga ukabaki pungufu. Ijumaa na Jumamosi punguza pia maharage, mboga za majani na dona, tumbo lisijae gesi njiani.

Mizani ikipanda kilo moja au mbili, usishtuke wala usijinyime. Wanga huhifadhiwa pamoja na maji.

Jumapili, saa tatu hivi kabla ya kuanza, kula mkate mweupe na chai ya rangi yenye sukari, ulivyozoea mazoezini.