Husika na mada tajwa hapo juu

Msimu wa korosho ukichanganya, wenye Fuso wa Mnyambe hawalali. Magunia yakishanunuliwa mnadani yanasafirishwa kutoka Newala hadi bandarini Mtwara, na mwenye gari anayebeba kwa mkataba na kampuni ya Dar es Salaam analipwa baadaye, kwa ankara. Ankara yenyewe siku hizi inakwenda kwa barua pepe. Shida huanzia hapo.

Dereva mmoja, mwenye gari lake mwenyewe, alinionyesha kwenye simu barua aliyomtumia mhasibu wa kampuni. Mada yake ilikuwa neno moja: MALIPO. Ndani ilianza hivi: "Natumaini u mzima wa afya njema na unaendelea vizuri na majukumu ya ujenzi wa taifa. Husika na mada tajwa hapo juu." Wiki mbili zilikuwa zimepita kimya.

Sote tumefundishwa kuandika hivyo. Katika barua ya kiofisi ya karatasi, chini ya salamu kunakuja "YAH:" kwa herufi kubwa, kisha ndiyo "husika na mada tajwa hapo juu". Kwenye karatasi haina ubaya, kwa kuwa anayefungua bahasha ameshaiona barua yote kwa mara moja. Mhasibu hafungui bahasha. Mbele yake kuna orodha, na kila barua ndani yake inaonyesha vitu vitatu tu: jina la mtumaji, mada, na maneno machache ya mwanzo wa barua. Kwenye simu, mada hukatwa mapema, mara nyingi kabla ya herufi 40. Kwa hiyo mhasibu wetu aliona MALIPO, kisha habari za afya yake. Malipo gani, ya nani, kiasi gani? Akaiacha ya kesho.

Tuliiandika upya pamoja. Alibeba magunia 300 kwa safari tatu, kila gunia Sh 4,500. Mada ikawa hivi:

```
Ankara 027, Sh 1,350,000, kulipwa 14 Nov
```

Mpangilio huo una sababu. Namba ya ankara inatangulia kwa kuwa ndiyo mhasibu anayoitafuta akitaka kulinganisha na kitabu chake. Kiasi kinafuata. Tarehe iko mwisho, simu ikiikata, hasara ni ndogo kwa sababu sentensi ya kwanza itairudia. Neno HARAKA tuliliacha nje, na alama za mshangao pia. Matapeli wa mtandaoni wanapenda kukimbiza watu, na mhasibu mzoefu akikutana na kelele hizo huingiwa na shaka.

"Sasa nisimsalimie?" akaniuliza, uso umemkunjamana. Kwa Mmakonde aliyelelewa, kuomba hela bila salamu ni utovu wa adabu. Asalimie, ila kwa ufupi:

"Shikamoo mama. Naomba ulipe ankara 027 ya kubeba magunia 300 kutoka Newala hadi Mtwara, ifikapo Ijumaa 14 Novemba 2025. Ankara na hati za kupokelea mzigo nimeziambatisha."

Salamu ni maneno mawili, na ombi linaonekana kabla barua haijafunguliwa. Za familia na mvua zikae chini. Faili nalo lilikuwa na jina la picha, tarakimu tupu. Tukaliita Ankara-027, ili akilihifadhi aweze kulipata tena. Na barua moja ibebe ankara moja. Ukiweka tatu, moja ikiwa na kasoro, zote zinangoja.

Siku ikipita bila malipo, usianze barua mpya. Jibu ileile ya kwanza, mada usiiguse, ili ombi la mwanzo lionekane chini ya kumbusho. Kinachobadilika ni sentensi ya kwanza: "Ankara 027 ilipaswa kulipwa Ijumaa 14 Novemba, leo ni siku ya nne. Naomba tarehe ya malipo." Kuomba tarehe ni rahisi kujibiwa kuliko kuomba hela. Wapo wanaobandika "Re:" kwenye barua mpya ili ionekane kama mazungumzo yaliyokwishaanza. Mhasibu akiifungua asikute mazungumzo yoyote, umeshamfanya akushuku.

Kuna pahala maneno hayafiki. Piga simu usikilize jibu. Akisema "nitumie tena", barua yako ilizama, rekebisha mada. Akisema "iko kwa bosi, haijasainiwa", basi ilifunguliwa na kusomwa, na hata ukiiandika upya mara kumi saini haitatoka humo. Dereva wetu alipopiga Jumanne ile ya tarehe 18, alijibiwa la pili. Akaomba jina la mwenye kusaini.