Salfa na Ubwiriunga wa Mikorosho: Nunua Sahihi, Tumia kwa Usalama

Kabla ya kununua kiuatilifu, tambua kinachoshambulia mikorosho yako. Ubwiriunga ni ugonjwa wa ukungu. Huonekana kama unga mweupe juu ya majani machanga na maua. Kisha maua hugeuka kahawia, hukauka na kudondoka bila kuzaa. Madoa meusi kwenye machipukizi yanayonyauka ni dalili ya mbu wa mikorosho, naye ni mdudu. Salfa huzuia ubwiriunga tu. Anayeipuliza ili kuua mbu hupoteza fedha, na mdudu huendelea kula.

Unaponunua, chagua mfuko uliofungwa kiwandani, wenye lebo inayosomeka, tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA). Usikubali salfa inayopimwa kwa kopo kutoka mfuko uliofunguliwa. Dai risiti.

Kiasi kilichozoeleka Mtwara kwa mkorosho mkubwa ni gramu 250 za salfa ya unga kila mpulizo. Mwenye mikorosho 40 atahitaji kilo 10 kwa mpulizo mmoja. Kwa mipulizo mitano, kilo 50, yaani mifuko miwili ya kilo 25. Lebo ikitaja kiasi tofauti, fuata lebo.

Hatua za kupuliza:

1. Anza maua ya kwanza yanapochomoza. Salfa hukinga, haifufui ua lililokwisha kukauka.
2. Puliza alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande ungali juu ya majani, kwani umande ndio unaoshika unga.
3. Rudia kila baada ya siku 14 hadi maua yaishe kuchanua. Kagua maua mapya: yakiwa na unga wa kijivu-weupe unaoenea, mwite afisa ugani, maana huenda ulichelewa au mpulizo haukufika juu ya mti.

Salfa huwasha macho, ngozi na mapafu, na vumbi lake huweza kushika moto. Vaa nguo za mikono mirefu, buti, glovu, miwani na barakoa. Simama upande unakotoka upepo. Usivute sigara, wala usiongeze mafuta pampu ya injini ikiwa bado ya moto. Funika kisima, na watoto wakae mbali.

Ukimaliza, oga kwa sabuni na ufue nguo hizo peke yake. Mfuko mtupu usitiwe korosho wala mahindi. Hifadhi salfa iliyobaki mahali pakavu, palipofungwa, mbali na chakula.

Unga ukiingia machoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Kifua kikibana, mpeleke mgonjwa kwenye hewa safi, kisha zahanati, ukichukua lebo ya mfuko ili mhudumu ajue kilichomdhuru.