Maelezo ya shahidi: Jinsi ya kupanga matukio kwa wakati na kutenga rai na ukweli

Msimu wa korosho unapoanza, magunia huweza kulala nyumbani kwa mkulima kabla ya kufikishwa kwenye ghala la chama cha msingi. Yakiibwa usiku, kesi hutegemea sana maelezo ya mwenye mali. Kwa mfano, mkulima wa Kata ya Mpapura, Wilaya ya Mtwara, anaweza kusimulia hivi:

“Korosho zangu zimeibwa na kijana wa jirani, mwizi anayejulikana. Asubuhi niliona magunia mawili hayapo. Usiku wa Jumatano mbwa walibweka, nikamwona anakimbia. Mwenyekiti aliona alama za baiskeli yake. Jirani alimwona akiuza korosho. Jioni aliniuliza nitapeleka lini mzigo ghalani, alikuwa na nia mbaya.”

Masimulizi haya yanaanza na hitimisho, na anayeyasikiliza huamini kuwa shahidi alimwona kijana akiondoka na magunia. Hatua ya kwanza ni kuweka kila tukio kwenye saa yake. Hapa siku inahitaji uangalifu, kwa kuwa kwa watu wengi wa pwani “usiku wa Jumatano” ni ule unaotangulia mchana wa Jumatano. Ni salama kuandika “Jumanne usiku kuamkia Jumatano”, pamoja na tarehe. Asiyekuwa na saa hutaja jambo linalojulikana, kama vile adhana au taarifa ya habari ya redioni.

Baada ya kuulizwa maswali ya ufafanuzi, maelezo ya mkulima huyo yanakuwa hivi:

1. Jumanne saa 11 jioni, kijana aliniuliza siku ya kupeleka korosho ghalani. Nilimjibu kuwa ni kesho.
2. Saa 12 jioni niliweka magunia matatu barazani.
3. Saa 4 usiku mbwa walibweka, nikatoka. Niliona mtu akikimbia kuelekea barabarani, umbali wa hatua 30 hivi. Taa ya barazani ilikuwa inawaka. Nilimwona mgongo tu. Sikuona amebeba kitu, na sikuhesabu magunia.
4. Jumatano saa 12 asubuhi nilikuta gunia moja.
5. Saa 1 asubuhi, mimi na mwenyekiti wa kijiji tuliona alama za tairi kutoka barazani hadi barabarani.
6. Saa 3 asubuhi, jirani aliniambia kuwa alimwona kijana huyo akiuza korosho.

Mpangilio huu unafichua pengo. Magunia yalionekana kwa mara ya mwisho saa 12 jioni, na upungufu ukagundulika saa 12 asubuhi. Ndani ya saa hizo 12, shahidi alimwona mtu mmoja tu, asiye na mzigo. Pengo hilo halijazwi kwa kukisia. Huachwa wazi ili mpelelezi atafute shahidi mwingine.

Hatua ya pili ni kuuliza kila sentensi: “Alijuaje?” Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inataka ushahidi wa mdomo uwe wa moja kwa moja: lililoonekana lisemwe na aliyeliona, na lililosikika lisemwe na aliyelisikia. Hivyo, jirani aliyeona korosho zikiuzwa huandikisha maelezo yake mwenyewe. “Alama za baiskeli yake” hubaki “alama za tairi”. “Mwizi anayejulikana” na “nia mbaya” ni rai, nazo huondoka kwenye orodha ya matukio. Tuhuma huweza kuandikwa mwishoni, peke yake na pamoja na sababu yake: “Namshuku kijana huyo kwa kuwa umbo la mtu niliyemwona lilifanana na lake.”

Maelezo ya mwanga na umbali yana uzito wa pekee. Katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri la mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilieleza mambo ya kuzingatiwa katika utambuzi wa mtuhumiwa, yakiwemo muda wa kumwangalia, umbali, hali ya mwanga na iwapo shahidi alimfahamu kabla. Ushahidi wa aina hiyo hautegemewi mpaka uwezekano wote wa kukosea uondolewe. Mgongo ulioonekana kwa hatua 30 usiku unaacha uwezekano huo.

Kupanga upya kuna mipaka yake. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamtaka askari aandike maelezo kwa ukamilifu, pamoja na maswali ya ufafanuzi na majibu yake. Kwa hiyo mpangilio hufanyika wakati wa kuhojiwa, kwa maneno ya shahidi mwenyewe. Shahidi husomewa au kuonyeshwa maandishi, naye ana uhuru wa kufafanua au kuongeza, kisha hutia saini mara tu chini ya mstari wa mwisho. Akikumbuka jambo baada ya hapo, huandikisha maelezo ya nyongeza. Karatasi iliyosainiwa haiguswi.