Haki yako ni deni la nani?

Ushawahi kuambiwa, "Timiza wajibu wako kwanza ndio udai haki"? Nyumbani mzazi anasema, shuleni mwalimu anasema, na wakati wa maandamano utaisikia kwa wakubwa. Inasikika poa, lakini inafanya haki ionekane kama mshahara unaopewa ukifanya kazi vizuri. Haki haiko hivyo. Haki ni deni. Ukiwa na haki, kuna mtu mahali fulani anayedaiwa, na deni lake hilo ndilo wajibu. Kwa hivyo swali la kwanza ni: nani anadaiwa na nani?

Tuanzie nyumbani. Chukua mfano wa jamaa wa bodaboda aliyeachana na mama ya mtoto wake. Mtoto ana miaka minne. Jamaa alikuwa akituma shilingi 3,000 kila mwezi za chakula na karo ya chekechea, halafu mama akaanza kumkatalia kumwona mtoto. Naye akakata pesa. Akiwa stejini anawaambia wenzake, "Sipewi haki yangu, kwa nini nitimize wajibu?" Wengi wanaitikia kwa kichwa.

Sasa uliza swali letu. Zile 3,000, nani anazidai? Si mama. Ni mtoto. Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema mtoto ana haki ya kutunzwa na kulindwa na wazazi, na kwamba mama na baba wana jukumu sawa, wawe wameoana au la. Mama anayemzuia baba bila sababu anakosea, na baba anaweza kupeleka hilo kwa Mahakama ya Watoto. Ila hilo ni deni lingine. Huwezi kulilipiza kwa kumnyima chakula mtoto ambaye hajakukosea chochote.

Shuleni mambo ni hayo hayo. Kifungu hicho hicho kinampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Angalia hayo maneno mawili. "Bure" ni deni la serikali. "Lazima" inamgusa mzazi: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka ampeleke mtoto shule na kuhakikisha anahudhuria. Haki ni moja, wadaiwa ni wawili, na kila mmoja analipa fungu lake.

Mwanafunzi pia ana wajibu wake, kama kufika mapema na kumaliza kazi. Asipomaliza, mwalimu anaweza kumwadhibu, lakini si kwa kiboko. Sheria hiyo hiyo inakataza adhabu ya kumuumiza mtoto mwili au akili. Yaani ukishindwa na wajibu utawajibishwa, lakini mwili wako bado ni wako.

Tukifika kwa uraia, twende moja kwa moja kwa maandamano. Kifungu cha 37 kinakupa haki ya kukusanyika na kuandamana, kwa amani na bila silaha. Hayo masharti mawili ni wajibu wako, yamo ndani ya haki yenyewe. Halafu Sheria ya Utulivu wa Umma inamtaka mwandalizi apeleke notisi kwa mkuu wa kituo cha polisi, si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla. Kwa notisi unaandika jina na anwani yako, tarehe, saa na njia mtakayopita. Maandamano yawe kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni.

Watu hujichanganya hapa. Notisi si kuomba ruhusa. Unamjulisha polisi ili naye ajipange kulipa deni lake, ambalo ni kuwalinda nyinyi mnaoandamana, pamoja na mama mboga ambaye kibanda chake kiko njiani. Anaweza kuwaambia mwahirishe, kwa mfano kama kuna wengine waliotangulia kutoa notisi ya mahali na saa hiyo hiyo, lakini sharti awape sababu. Peleka nakala mbili, ya pili igongwe muhuri, kisha uiweke. Kesho mtu akisema hakujua, unayo.

Na kijana mmoja akirusha mawe je? Huyo ametoka nje ya Kifungu cha 37, ashikwe, ajibu mashtaka. Wenzake wanaoimba na matawi mkononi bado wana haki yao kamili, na polisi bado anadaiwa na wao. Hata huyo wa mawe akiwa seli, bado ana haki ya kuambiwa kosa lake, kupata wakili, na kufikishwa kortini kabla ya saa 24 kuisha, au siku ya korti inayofuata kama saa hizo zinaishia wikendi.

Kwa hivyo siku nyingine mtu akikuambia umepoteza haki kwa sababu hukutimiza wajibu, muulize wajibu upi, na ulikuwa wa kumlipa nani. Mara nyingi utapata anachanganya madeni mawili, na lile analolisahau ni lake.