Ukishaingia Kazini, Usimsahau Aliyekupeleka

Wengi wakishasaini mkataba huona habari ya wakala wa ajira imekwisha. Alipiga simu, akapanga usaili, akabishana na mwajiri kuhusu mshahara, kazi ikapatikana. Yeye kapata chake, nawe umepata chako. Lakini siku unayoripoti kazini, mara nyingi wakala huyo bado roho yake iko juu, na sababu imeandikwa kwenye mkataba ambao wewe hukuuona.

Mkataba huo ni wa wakala na mwajiri. Mwajiri ndiye anayelipa ada, kwa kawaida asilimia fulani ya mshahara wa mwaka wa kwanza wa yule aliyeajiriwa, ingawa wapo wanaopatana kwa mshahara wa mwezi mmoja au zaidi. Ada hiyo huenda sambamba na dhamana. Ukiacha kazi au ukiachishwa ndani ya muda waliokubaliana, mara nyingi miezi 3, wakala hulazimika kutafuta mtu mwingine bila malipo mapya, au kurudisha sehemu ya fedha. Kwa hiyo ofisa wa wakala anayekupigia wiki ya kwanza kuuliza unaendeleaje hakupigii kwa adabu tu. Anataka kujua kama kazi yake imesimama.

Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini shukrani yako ina wakati wake, na kwa nini isiwe maneno matupu.

Tumchukulie mhasibu wa Dar es Salaam aliyepelekwa na wakala kwenye kampuni ya usafirishaji. Siku ya kwanza anakabidhiwa kompyuta, anazungushwa ofisini na kutambulishwa kwa watu ambao majina yao atayasahau kabla ya chakula cha mchana. Akimwandikia wakala jioni hiyo, hana la kusema zaidi ya asante sana na Mungu akubariki. Ni maneno mazuri, ila wakala huyapokea kila wiki kutoka kwa watu tofauti, na hayamwambii chochote. Afadhali asubiri mpaka mwisho wa wiki ya pili, wakati ameshajua meza yake, bosi wake na mzigo wa kazi. Hapo anaweza kuandika hivi:

"Habari za kazi, dada. Leo natimiza wiki mbili hapa. Bosi wangu ndiye yule aliyenihoji kwenye usaili wa pili, na kazi ni ile ile uliyonieleza: kufunga hesabu za mwezi na ritani za VAT. Ulinitahadharisha nijiandae na maswali ya stoo, na kweli waliniuliza. Bila hivyo ningekwama. Nashukuru sana. Namba yangu ni hii hii, na nikifika miezi 3 nitakujulisha."

Meseji hiyo ni fupi, lakini imebeba mambo ambayo ofisa wa wakala atayatumia. Anajua kazi aliyoieleza ndiyo iliyokutwa, maana yake mwajiri yule hakumdanganya na anaweza kumpelekea mtu mwingine. Anajua usaili wa pili huuliza mambo ya stoo, hivyo mwombaji anayefuata atamwandaa vizuri zaidi. Anajua pia kwamba mtu huyu hatoroki kesho. Shukrani iliyotaja tendo moja mahususi hukumbukwa, kwa sababu inamwonyesha aliyetoa msaada ni kipi hasa kilichofanya kazi.

Iandike kwa lugha mliyozoea kuzungumza. Kama mlikuwa mkiandikiana kwa Kiingereza cha ofisini, endelea hivyo. Kama mlikuwa mkiitana dada na kaka kwenye simu, usigeuke ghafla kuwa barua ya serikali. Na itume kutoka kwenye barua pepe yako binafsi au namba yako mwenyewe. Barua pepe ya ofisi ni mali ya mwajiri: anaweza kuisoma, na siku ukiondoka inafungwa pamoja na anwani zote ulizohifadhi humo.

Hapa kuna tahadhari ambayo watu huipata kwa kuungua. Wakala ni rafiki yako, lakini mteja wake ni mwajiri wako. Ukimwambia kwamba bosi ni mkali na wenzako ni wavivu, habari hiyo inaweza kurudi ofisini, labda kwa nia njema kabisa, kwenye ile simu ya kuuliza "mtu wetu anaendeleaje?" Malalamiko ya hisia yabaki kwa jamaa zako. Ila kama kuna jambo linaloweza kupimwa, mwambie mapema. Mfano ni mshahara. Mlikubaliana kiasi fulani mkiwa mnazungumzia fedha inayoingia mkononi, lakini hati ya malipo ya mwezi wa kwanza imekichukulia kuwa mshahara ghafi, na makato yamekula sehemu yake. Hapo mwandikie wakala kwa ukweli mtupu: tulikubaliana hivi kwenye barua ya tarehe fulani, nimelipwa hivi, naomba unisaidie kuuliza. Ndani ya muda wa dhamana ana kila sababu ya kulishughulikia, kwa kuwa ukiondoka yeye ndiye mwenye hasara. Ukinyamaza mpaka mwezi wa nane, hata akitaka kukusaidia hana tena mkono wa kuvutia.

Ujumbe wa pili ufuate pale kipindi cha matazamio kinapokwisha. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inaweka kipindi hicho kisizidi miezi 6, na kinaweza kuongezwa tu kwa makubaliano. Tanzania, ile kinga ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 dhidi ya kuachishwa isivyo haki haimhusu mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri huyo. Kuthibitishwa kazini basi ni habari kubwa kwako, na kwa wakala ni uthibitisho kwamba alichagua vizuri. Mstari mmoja unatosha: nimethibitishwa, asante tena.

Baada ya hapo wengi hushangaa. Ofisa aliyekuwa akipiga simu kila baada ya siku mbili anakuwa kimya kama hakukujua. Usikasirike. Mawakala wengi huahidi, kwa maandishi, kutomng'oa mtu waliyempeleka kwa mteja wao. Wapo wanaojifunga kwa muda maalumu, wapo wanaojifunga kwa muda wote utakaokuwa pale. Akikupigia leo na kukwambia kuna nafasi nzuri zaidi kwingine, anaweza kupoteza mteja. Kwa hiyo yeye hawezi kuanza mazungumzo hayo, na wewe ukisubiri akutafute mtasubiriana mpaka mstaafu. Swali la kumuuliza ni rahisi: "Mna masharti gani kuhusu watu mliowapeleka hapa?" Atakujibu waziwazi, na utajua kama siku ukitaka kuhama yeye anaweza kukusaidia au itabidi uwe na wakala mwingine pia. Kuwa na wawili watatu si usaliti. Hata wao wana waombaji mamia.

Kuendeleza uhusiano huo si kutuma salamu za Idi na Krismasi zenye maua na mwanga unaowaka. Salamu hizo hupokelewa, hupendwa, kisha husahaulika. Kinachofanya kazi ni habari mpya, mara moja au mbili kwa mwaka, na sababu yake iko kwenye namna mawakala wanavyotafuta watu. Hawakumbuki kila sura. Wana kanzidata ya sivii, na kazi inapokuja huandika maneno kama cheo, programu ya kompyuta, mji, cheti, kisha majina yanatokea. Mhasibu wetu aliingizwa humo kama mhasibu msaidizi. Miaka 3 baadaye amefaulu mitihani ya CPA ya NBAA na anasimamia watu wanne, lakini kwenye kumbukumbu za wakala bado ni msaidizi. Inapokuja nafasi ya mhasibu mkuu, jina lake halitokei, hata kama ofisa yule anampenda sana. Kwa hiyo kila cheo kinapobadilika, cheti kinapopatikana au unapohamia mji mwingine, tuma sivii mpya na sentensi mbili zinazoeleza kilichobadilika. Mwambie pia ni kitu gani kingekufanya uhame, na kipi kisingekufanya uhame hata kwa mshahara mara mbili. Wakala hupenda sana mtu anayejua anachotaka, maana hampotezei muda.

Jambo jingine ni kwamba watu hao huhama. Ofisa aliyekupeleka kazini huenda mwaka ujao akawa kwa wakala mwingine, au akawa mkuu wa rasilimali watu kwenye kampuni kubwa. Akiondoka, kumbukumbu zako hubaki kwenye ofisi aliyoiacha. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinamzuia kuondoka na majalada ya watu kana kwamba ni yake. Basi ungana naye kwenye LinkedIn mapema na uwe na namba yake. Na kule kwenye ofisi ya zamani, mtumie sivii aliyechukua nafasi yake, ukijitambulisha upya.

Ukitaka kumshukuru kwa kitu kinachoonekana, mletee mtu. Wakala akikuuliza kama unamjua dereva mzuri wa malori au mtaalamu wa forodha, fikiri kidogo, mpigie unayemjua, mwombe ruhusa, ndipo utoe namba yake. Usitume sivii ya mtu bila yeye kujua. Na ukishapanda cheo na kupewa jukumu la kuajiri, mwalike naye alete wagombea pamoja na mawakala wengine, bila kumpendelea. Kwake hiyo ni asante nzito kuliko zote.

Bahasha iache. Mkataba Namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1997, unaweka kanuni ya jumla kwamba mawakala binafsi wa ajira wasitoze wafanyakazi ada, iwe moja kwa moja au kwa kuzunguka, isipokuwa pale mamlaka za nchi zinaporuhusu kwa manufaa ya wafanyakazi wenyewe. Wakala anayekuomba sehemu ya mshahara wa kwanza kama asante anakudai ada kwa mlango wa nyuma. Kwa ofisa wa rasilimali watu aliyekuajiri ndani ya kampuni yenu, zawadi ya fedha ni mbaya zaidi: huyo sasa ni mfanyakazi mwenzako, na siku likitokea shauri la nidhamu, mtu wa tatu ataisoma kama rushwa. Kwake inatosha kwenda mezani pake na kusema asante kwa mdomo.

Kama umeanza kazi mwezi huu na hujamwandikia aliyekupeleka, mwandikie Ijumaa hii. Kama umeshapita mwaka, andika vilevile. Anza na cheo chako cha sasa, mshukuru kwa jambo moja unalolikumbuka, na uambatishe sivii mpya. Wala usiombe radhi ndefu kwa kuchelewa, maana ana kazi nyingi na atasoma mistari mitatu ya kwanza.